Mtoto wa miaka minne anapiga ukelele usiku, macho wazi, hanitambui. Ni ndoto mbaya au kitu kingine?

Mama Twaha
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nina kijana wangu wa miaka minne na miezi miwili. Hii ni wiki ya tatu, usiku anapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto. Anakaa kitako kitandani, macho yamemtoka, jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio. Namwita hanisikii. Nikimkumbatia ananisukuma na mateke juu, anasema "toka, namtaka mama", na mama ndiye mimi niliyemshika! Baada ya dakika kama saba anaanguka kwenye mto, analala fofofo. Asubuhi nikimuuliza ananitazama kama mimi ndiye mwenye matatizo.

Tunakaa nyumba ya kupanga, Tabata. Jirani wa chumba cha pili ameshagonga mara mbili akidhani mtoto anapigwa. Mama mkwe anasema mtoto amechezewa, apelekwe kwa mtaalamu. Na siku hizi hataki taa izimwe, anasema kuna mtu nyuma ya mlango. Hizi ndoto nazifukuzaje?

Baba Pacha
Pole sana dada. Mmoja wa pacha wangu alikuwa hivyo hivyo. Dawa yake ni maji. Anapoanza tu, mmwagie maji baridi usoni, atashtuka na kurudi. Mimi nilifanya mara tatu akaacha. Pia punguza katuni na asile chakula kizito usiku.

Kijana wa Moro
Hata mimi linanitesa hili jinamizi. Naamka nasikia kila kitu lakini siwezi kusogeza hata kidole, kama mtu amenikalia kifuani. Hasa nikilala chali. Dawa yake nini wakuu?

Fundi Saa
Kijana wa Moro, wewe una miaka minne?

Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Maji weka kando kwanza, nitayarudia. Nijibu haya: analala saa ngapi, ukelele unakuja saa ngapi, asubuhi anaamka saa ngapi, na kwa usiku mmoja ni mara moja au zaidi? Ana homa? Anakoroma?

Mama Twaha
Mama, analala saa tatu na nusu, maana anamsubiri baba yake arudi kazini. Ukelele ni saa tano kasoro robo, saa tano hivi, mara moja tu. Homa hana, hakoromi. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri kwa sababu basi la shule linapita saa kumi na moja na robo, sisi ndio wa kwanza kuchukuliwa kwenye ruti. Ameanza chekechea Januari hii. Zamani alikuwa anaamka saa moja asubuhi na mchana analala saa mbili nzima.

Nesi Mstaafu
Basi umejijibu, ila hujajua.

Hiyo si ndoto. Ndoto mbaya huja usiku umeshakwenda, saa tisa, saa kumi alfajiri. Mtoto anaamka kweli, analia akikujua, anakung'ang'ania shingoni, anakwambia mbwa alikuwa anamfukuza, na kurudi kulala ni kazi. Kesho yake bado anaikumbuka. Cha kwako kinakuja saa moja na kitu tangu afumbe macho, ndani ya ule usingizi mzito ambao unaweza kumshusha mtoto kwenye bajaji, ukambeba mpaka kitandani na asijue. Kutoka kwenye usingizi huo anatakiwa apande taratibu aingie kwenye mwepesi. Sasa yeye nusu inapanda, nusu inabaki chini. Macho yamefunguka, miguu inafanya kazi, lakini mwenye nyumba hayupo. Ndiyo maana anakutaka mama huku umemshika, na ndiyo maana asubuhi hana cha kusimulia. Sisi wodini tulikuwa tunasema mtoto anaweweseka, ingawa neno hilo tunalitumia hata kwa wa homa.

Sasa piga hesabu. Mtoto wa umri wake anahitaji kati ya saa 10 na 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Zamani alikuwa anapata kumi na moja na nusu. Tangu Januari anapata saba. Mtoto mwenye deni la usingizi anazama chini zaidi, na kupanda kwake kunakuwa kwa kishindo.

Linapotokea usimtikise, usimuulize kitu, usimkumbatie kwa nguvu akikataa. Kaa karibu, sauti ya chini, mikono tayari asianguke. Yeye haumii kwa wakati ule, anayeumia ni wewe unayetazama. Baba Pacha, wako angetulia mwenyewe baada ya dakika chache hata bila maji. Ulimmwagia wakati ulikuwa unaelekea kuisha, ukayapa maji sifa.

Na analala kitanda gani?

Mama Twaha
Cha deka. Yeye yuko juu, dada yake chini.

Nesi Mstaafu
Leo hii ashuke chini. Usingoje kesho.

Baba Pacha
Nesi nakuheshimu, lakini aliacha kweli.

Bi Likoni
Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa. Nataka tu huyu mama asitulizwe upesi. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa na mambo ya usiku, nasi tukasema ni ndoto, wengine wakasema ni mashetani. Yakaenda miezi. Lakini yake yalikuwa yaja saa yoyote, hata alfajiri, na siku nyengine mara nne usiku mmoja. Na kila mara ni vile vile: mdomo wavutwa upande mmoja, mate yatoka, mkono wapigapiga, dakika haimaliziki, yaisha. Mjombake akachukua video kwa simu. Daktari alipoitazama tu akaagiza apimwe, ikawa ni kifafa. Alipewa dawa, na sasa yuko darasa la tano. Chukua video, dada.

Nesi Mstaafu
Asante sana Bi Likoni, hilo ndilo nililokuwa nakuja kuandika. Kuweweseka hakufanani siku mbili: leo anakaa, kesho anasimama, anasema maneno, anapigana. Kifafa cha usiku kinajirudia kama mkanda ule ule. Video ya dakika moja inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Na mtu asichanganye na homa. Mtoto akichemka mwili, akakakamaa na kurusharusha viungo, hiyo ni degedege. Hapo hakuna kufukiza wala kusubiri kupambazuke. Ni kituo cha afya usiku huo huo, apimwe malaria.

Ustadhi wa Mtaa
Assalaam alaykum. Kwa upande wetu Waislamu, mtoto azoeshwe kabla ya kulala: asomewe Ikhlas, Falaq na Nas mara tatu, mzazi apulize viganjani na kumpangusa mwili kuanzia kichwani. Na anayeota vibaya ajikinge kwa Allah, ateme mate kidogo kushoto mara tatu, ageuke ubavu mwingine, na asimsimulie mtu. Hivi ndivyo tulivyofundishwa katika hadithi. Kwa waganga hapana, hiyo ni biashara ya watu.

Mwalimu wa Chekechea
Ustadhi, kupangusa huko nakuunga mkono hata mimi Mkristo. Mkono wa mzazi, maneno yale yale kila siku, sauti ya chini: mtoto anasikia mwili unamwambia siku imekwisha. Watoto wangu darasani, wa dini zote, ukiwauliza wanalalaje, wanaokwambia kwa mpangilio, "nakoga, nasali, mama ananifunika", hao ndio asubuhi wana macho.

Ila hapo kwenye kutosimulia tunapishana. Ndoto mbaya ya kweli, hiyo ya alfajiri ambayo mtoto anaikumbuka, mimi huwa namwambia mchana aichore. Kisha namuuliza, "sasa huyu mbwa tumfanye nini?" Kuna mmoja alimchorea mbwa viatu vya kisigino ili asiweze kukimbia. Ilikuwa inamrudia kila wiki, ikaacha. Inafanya kazi mchana, jua likiwa juu. Saa kumi usiku usichorishe mtu. Saa ile ni kumkumbatia tu, maneno mawili, maji, kulala.

Ustadhi wa Mtaa
Sikatai mtoto kumwambia mzazi wake ili atulizwe. Ninachosema isigeuzwe hadithi ya nyumba nzima, kila mgeni akija anaitwa asimulie, na watu wakaanza kutafsiri.

Mwalimu wa Chekechea
Hapo kwenye wageni tuko pamoja. Kwenye kuchora bado.

Mama Twaha
Jamani asanteni, jana nimemshusha kitanda cha chini. Dada yake amefurahi kupanda juu. Na huyo mtu wa nyuma ya mlango je?

Mwalimu wa Chekechea
Fanya hivi: usiku, akiwa kwa jirani au chumba kingine, nenda ulale pale pale anapolala yeye, kichwa kwenye mto wake. Zima taa. Subiri dakika tano macho yazoee. Tazama mlangoni, halafu utuambie unaona nini.

Mama Twaha
Nimecheka mwenyewe gizani. Ni kanzu ya baba yake! Imetundikwa msumarini nyuma ya mlango, na feni ikigeuka upande ule mikono inapepea. Taa ya jirani inapita juu ya pazia inaipiga kifuani. Nimejua ni kanzu na bado nikajisikia vibaya.

Fundi Saa
Huyo mtoto ana macho mazuri kuliko nyie wote.

Mwalimu wa Chekechea
Sasa usiiondoe kimyakimya. Usiku taa ikiwaka, mwende wote wawili, aishike, aitundue mwenyewe, aipeleke inakokaa. Akiikuta imepotea tu, kwake yule mtu amehama, na hajui amehamia wapi.

Baba Pacha
Hapa nina uzoefu na msinipinge. Nilichukua chupa ya kunyunyizia, nikatia maji, nikaandika DAWA YA ZIMWI, tukanyunyiza chini ya kitanda. Pacha wote wakalala.

Mwalimu wa Chekechea
Inaweza kusaidia, sikatai, kuna watoto wanaichukulia kama mchezo na wanacheka. Ila nimeona upande wa pili. Mzazi mmoja alianza na chini ya kitanda, wiki ya pili ikawa na kabati, kisha darini, kisha uvunguni mwa makochi, mpaka kulala kunachukua saa nzima. Mtoto alishapiga hesabu zake: kama baba mtu mzima anawinda kila usiku, basi kitu kipo.

Baba Pacha
Wangu hawakufika darini.

Mpemba Halisi
Mimi nitasema moja tu. Mwaka 1995 nilikuwa mdogo, Pemba, lilipovuma suala la popobawa. Watu walikuwa wakilala nje kwa makundi, moto umewashwa. Mimi giza nilikuwa nalijua, nikenda kisimani magharibi peke yangu. Kilichoniingiza hofu ni kumuona baba hataki kuingia ndani mwake. Sasa mama, muulize dada wako wa kazi anamwambia nini mtoto akikataa kula.

Mama Twaha
Mpemba umenifungua macho. Nimemuuliza kwa upole, akasema huwa anamwambia "kula, zimwi linasikiliza mlangoni". Mlangoni! Nimeongea naye. Na yeye ni binti wa miaka kumi na tisa tu, ndivyo alivyolelewa, sikumgombeza.

Nesi Mstaafu
Umefanya vizuri. Sasa tuna mambo mawili tofauti, tusiyachanganye. Hofu ya giza mtoto anayo akiwa macho, kwa hiyo unamfundisha akiwa macho. Kuweweseka yuko usingizini, hapo hafundishiki, unarekebisha usingizi wenyewe.

La giza: mpe tochi ndogo iwe yake. Jioni kabla ya kulala ficha kijiko chumbani, zima taa, aingie akitafute kwa tochi wewe ukiwa mlangoni. Siku tatu nne hivyo. Kisha wewe usimame koridoni. Kisha tochi izimwe akiwa amekipata, mhesabu wote mpaka tano, mpaka kumi. Asilazimishwe hatua inayomliza, mrudishe ile ya nyuma. Umeme ukikatika mfanye mchezo huo huo, maana wengi hofu inawaanzia siku hiyo, mama anapopapasa kiberiti na kulalamika.

Taa ya usiku aachiwe, si kumdekeza. Ila iwe hafifu, rangi ya chungwa au nyekundu, iwe chini karibu na sakafu na nyuma ya kitu. Ile ndefu nyeupe ya darini inamchelewesha kusinzia.

Na la kuweweseka: usingizi uanze saa mbili kamili, kila siku, hata Jumamosi. Akirudi shule alale mchana saa moja na nusu, asipitishe saa tisa alasiri. Andika kwenye daftari amelala saa ngapi na ukelele saa ngapi. Rudi baada ya wiki mbili.

Mama Twaha
Saa mbili baba yake hajafika. Ataniona namnyima mtoto.

Dereva wa Usiku
Hata mimi nilikuwa baba wa namna hiyo kwangu. Nilikuwa namweka mtoto macho ili anione, kumbe ni kwa raha yangu. Sasa napiga simu saa moja na nusu, namwambia neno letu la kulalia, na asubuhi ndiyo namvalisha viatu mimi. Mwambie mumeo ajaribu.

Mama Twaha
*Mrejesho, wiki mbili baadaye.*

Tumeanza na saa mbili. Siku nne za kwanza alikuwa anajigeuzageuza mpaka saa mbili na nusu, sasa saa mbili na dakika kumi ameshalala. Mchana nimeongea na dada wa kazi, anamlaza. Ukelele ulikuwa kila siku, wiki hii ni mara tatu. Ila kitu kimenishangaza: umehama! Zamani ilikuwa saa tano, sasa ni saa tatu na nusu, saa tatu na dakika ishirini na tano.

Na jingine. Mama mkwe alipokuja nikamweleza yote haya, akanyamaza, halafu akasema, "Baba yake alikutwa kisimani usiku akiwa na miaka sita, anatembea amelala." Miaka yote nimeolewa sijawahi kuambiwa.

Nesi Mstaafu
Umehama kwa sababu unahesabu kuanzia usingizi unapoanza. Ungekuwa mtu wa nje anakuja saa tano, angeendelea kuja saa tano. Na la baba yake ni lile lile: kutembea usingizini na kuweweseka vinatoka chungu kimoja, na vinapita kwenye ukoo.

Kwa kuwa saa yake imeshikika, sasa tunaweza kuuwahi. Saa tatu na dakika kumi, kila usiku, mwendee. Mguse bega, mwite jina, mpaka ajigeuze au agune "mmh". Basi, mwache alale. Humwamshi akae. Unamsogeza tu kutoka kule chini kabla hajakwama. Fanya wiki tatu bila kuruka. Kwa mtoto ambaye saa zake hazishikiki njia hii haina maana, utakuwa unamkatishia usingizi bure.

Mama Twaha
*Mrejesho wa pili.*

Usiku wa kwanza nilizidisha, akaamka kabisa, akaomba chai. Tukakaa mpaka saa nne. Kuanzia wa pili nikapata mkono. Wiki ya kwanza aliweweseka mara mbili, kidogo tu, hakupiga ukelele. Baada ya hapo siku kumi na moja kimya. Jirani ameniuliza kama tumesafiri.

Jumamosi tulikwenda harusi Kigamboni, tukarudi akalala saa tano usiku, sikumwamsha kwa sababu mwenyewe nilikuwa hoi. Ukaja, wote, na mateke. Tangu Jumapili tumerudi kwenye ratiba, kimya tena.

Giza bado. Anatafuta kijiko kwa tochi mwenyewe na anajisifu, lakini mlango lazima uwe wazi, na chooni usiku anakwenda akishika gauni langu. Juzi saa kumi aliota kweli, mbuzi amekula begi lake la shule. Alikuwa ananijua, amenikaba shingo. Nilivyofurahi kwamba ananijua nikasahau kumbembeleza.

Basi la shule nimeomba watubadilishie ruti, wamesema mpaka muhula ujao. Nikimaliza wiki tatu, naacha ghafla au?

Nesi Mstaafu
Ruka usiku mmoja kwanza, utazame. Kisha mbili. Ukelele ukirudi, anza tena wiki mbili, usikate tamaa. Na siku ya harusi, siku ya homa, siku ya safari, tegemea utatokea.

Mwalimu wa Chekechea
Mbuzi huyo achorwe.

Ustadhi wa Mtaa
Achorwe bila kutafsiriwa.

Kijana wa Moro
Sasa mimi ninayekabwa kifuani mbona hamjanijibu?